Kichina au Kifaransa kwa ajili ya kazi? Naombeni ushauri wenu

Kijana_Msimbazi: Wakuu, nina miaka 27, niko dukani Kariakoo. Nataka lugha ya kuniongezea kipato. Nichukue Kichina au Kifaransa? Nimechanganyikiwa, usingizi sipati.

MamaTwiga: Kifaransa, mdogo wangu. Mimi naongoza watalii Arusha. Waongozaji wa Kiingereza tumejaa, ila wa Kifaransa wanatafutwa. Nilianza na majina ya ndege tu, mgeni mmoja akacheka hadi akatokwa na machozi.

Guangzhou_Mkalimani: Usingizi haupotei kwa kuchagua kozi. Kuna nini?

Kijana_Msimbazi: Nimeshasoma Kichina miezi minne, nina cheti cha mtihani wa HSK 2. Bosi anaenda Guangzhou kununua makoti, nami ndiye mkalimani wake. Tunaondoka baada ya wiki tatu. Posho ameshanipa nusu, nimelipa kodi.

Mzee_wa_Busara: Tamaa hiyo. Mrudishie mwenye mali hela yake.

Kijana_Msimbazi: Mzee, si tamaa. Salamu na bei naziweza.

Guangzhou_Mkalimani: Bei ndizo zitakazokumaliza. HSK 2 niliyofanya mimi ilikuwa na maneno 300. Muuzaji akisema "yi bai er", ni ngapi?

Kijana_Msimbazi: Mia moja na mbili.

Guangzhou_Mkalimani: Ni 120. Sehemu ya mwisho wanaimeza. Ingekuwa 102 ungesikia "ling" katikati, "yi bai ling er". Niliwahi kumwandikia mteja 102 kwenye makoti 300. Siku ya kulipa ikaonekana pengo la yuan 5,400, na kelele zote zikanishukia mimi. Tangu hapo kila bei namwomba muuzaji aipige kwenye kikokotoo, napiga picha pamoja na koti lenyewe, ndipo mteja anatoa kishika uzo.

Chapati_Mbili: Kama ni kikokotoo, basi bosi apande ndege na kikokotoo 😂

Guangzhou_Mkalimani: Kikokotoo hakitamwambia bitana imebadilishwa, wala mzigo utachelewa. Hapo HSK 2 inakwama.

Kijana_Msimbazi: Ila tiketi imeshakatwa.

Chapati_Mbili: Ngoja kwanza. Mwezi wa pili si wewe uliyeleta uzi kwamba ni fundi friji Mwanza? Hii chai, tena ina tangawizi.

Kijana_Msimbazi: Friji niliacha mwezi wa tatu.

Mzee_wa_Busara: Nilijua. Vijana wa siku hizi!

MamaTwiga: Fundi friji? Yangu inavuja maji chini, shida nini?

Kijana_Msimbazi: Mama, angalia tundu la kutolea maji kwa nyuma, huziba uchafu. Zibua na maji ya uvuguvugu.

Chapati_Mbili: Friji kajibu bila kusita.

Guangzhou_Mkalimani: Chai au si chai, wiki tatu ni zile zile. Kule wengi "shi" ya kumi wanaitamka "si", kama nne. Ukisikia "si si si" utaandika ngapi?

Kijana_Msimbazi: 44?

Guangzhou_Mkalimani: Una uhakika?

Kijana_Msimbazi: Mkuu, naomba nikucheki pembeni.