Laptopu inazima ghafla hata baada ya kutoa vumbi: ni feni au pesti?

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri kuhusu laptopu yangu, ina miaka saba na ilikuwa haijawahi kufunguliwa. Nikiangalia video kama dakika kumi hivi inazima papo hapo, hakuna onyo wala nini. Betri siyo tatizo, maana hata ikiwa kwenye chaji inazima vilevile.

Juzi nimeifungua. Kati ya feni na vile vibati vya kupoza kulikuwa na vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi, nikalitoa lote kwa brashi laini huku nimeshikilia mapanga ya feni yasizunguke. Ikiwa imetulia, HWMonitor inasoma nyuzi 58, zamani ilikuwa 72. Lakini nikiipa kazi inapanda hadi 97, kisha giza.

Kinachonichanganya ni feni. Kuna asubuhi haianzi mpaka niisukume kidogo na ncha ya kijiti, ikishaanza inakwaruza. Ila hata ikizunguka vizuri, hewa inayotoka ubavuni ni ya uvuguvugu tu wakati prosesa inachemka. Hapo nahisi joto halifiki kwenye vibati, yaani ile pesti ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa imekauka. Pembeni ya prosesa inaonekana nyeupe, ngumu kama chaki.

Hela niliyonayo inatosha kitu kimoja mwezi huu. Nianze na feni au pesti? Na ile pesti nyeupe ya mafundi redio inafaa kwa prosesa, au nitafute nyingine?