Dashibodi imekufa tangu Alhamisi, halafu naambiwa NIKAOSHE MACHO!

Mpika_Namba (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Mnamjua. Kila ofisi ina mmoja, na nadhani wa kwetu ndiye aliyewazaa wengine wote. Ndiye aliyejenga dashibodi ya mauzo, ndiye aliyebandika pale juu kulia maneno "Imesasishwa: sasa hivi" na kitone cha kijani, na leo saa nne asubuhi, mbele ya kikao kizima, ameniangalia usoni akasema: "Kaoshe macho."

Kaoshe macho! Mimi! Nilichosema ni kwamba jumla ya oda za mwezi ni 4,812, Ijumaa ilikuwa 4,812, Jumamosi 4,812. Hata jiwe lingeshasogea. Nikauliza, hivi kazi ya kusasisha bado inafanya kazi kweli? Akanyooshea kidole kile kitone. Kijani. "Kaoshe macho." Watu wakaangua kicheko, nahisi hata projekta ilicheka.

Nimetoka hapo moja kwa moja hadi kwenye seva. Kuna mchakato ulianza Alhamisi saa nane na dakika tano usiku, na leo Jumatatu bado umekaa, unasubiri jibu la databesi ya chanzo ambalo halitakuja hadi kiama. Oneni mstari wa cron:

```
5 * * * * flock -n /tmp/mauzo.lock /opt/kazi/mauzo.sh >/dev/null 2>&1
```

Kila saa cron inaamka, inakuta kufuli limeshikwa na yule aliyelala, inaondoka kimya. Mara 103! Na ile "sasa hivi" nimeifungua ndani: ni `now()`. Ni saa niliyofungua ukurasa, haina habari na data! Ungeing'oa seva ya chanzo ukaizika, kitone kingebaki kijani mpaka wajukuu zake wastaafu. Na mimi ndiye nikaoshe macho.

Bonyeza_Tu

Mkuu, ulijaribu F5? Kwangu ukurasa ukigoma huwa nabonyeza F5 mara mbili unakubali.

Mpika_Namba

Ukurasa haujagoma! Ukurasa unafunguka vizuri na unadanganya vizuri!

Barua_Kwanza

Kosa ni hilo `>/dev/null`. Liondoe, weka `MAILTO`, cron itakutumia barua kazi ikifeli. Uzi ufungwe.

Mlinzi_wa_Zamu

Barua_Kwanza, umepata nusu. Cron hutuma barua pale kazi inapochapa kitu. `flock -n` ikikuta kufuli limeshikwa haichapi hata herufi moja, inatoka tu na msimbo 1. Kwa hiyo hata ungeondoa `/dev/null`, zile mara 103 zisingekuletea barua. Na ile kazi ya Alhamisi nayo haijafeli, imening'inia. Tahadhari ya kufeli humngoja anayelia, huyu hajalia.

Ndiyo maana inatakiwa kazi yenyewe iache alama ya uhai kila inapomaliza salama, na dashibodi iangalie alama ina umri gani. Mwisho wa `mauzo.sh`, baada ya kila kitu kukubali, ongeza mstari mmoja kwenye jedwali la mapigo. Usiuweke mwanzoni, la sivyo ile ya Alhamisi ingepiga pigo halafu ikalala. Kisha kisanduku cha dashibodi kisome hivi:

```sql
SELECT max(imemaliza) AS pigo_la_mwisho,
  CASE WHEN clock_timestamp() - max(imemaliza)
            < interval '135 minutes'
       THEN 'HAI' ELSE 'IMEKUFA' END AS hali
FROM mapigo WHERE kazi = 'mauzo';
```

Kazi yako ni ya kila saa. Ikiruka mara moja, umri unafika dakika 120 na ushee, na hiyo naisamehe. Ikiruka ya pili, nyekundu. Kwa hesabu hiyo Alhamisi kabla ya saa kumi na moja alfajiri kisanduku kingekuwa kimeshageuka.

Jedwali_Tupu

Ongezea: HAI ndiyo iwe na sharti, IMEKUFA ikae kwenye `ELSE`. Mimi niliandika kinyume. Mistari yote ya jedwali ikafutwa kwa bahati mbaya, `max` ikarudisha NULL, ulinganisho ukawa NULL, ikaangukia kwenye `ELSE`, na `ELSE` yangu ilikuwa kijani. Wiki nzima nilikuwa na maiti yenye mashavu mekundu.

Mpika_Namba

Basi sikilizeni, hili wazo nimempelekea mchana huu huu. Kajibu nini? Kwamba atahesabu umri ndani ya ile kazi ya kusasisha, ahifadhi "dakika 0" kwenye jedwali! Kazi ikifa inabaki dakika 0 milele! Mtu wa namna hiyo ndiye aliyesimama mbele za watu akasema nikaoshe macho!

Mlinzi_wa_Zamu

Umri lazima uhesabiwe pale mtu anapotazama, na kwa kisanduku hicho kimoja kashe izimwe. Dashibodi ikishika majibu kwa saa 24, hata hesabu sahihi itaonyesha HAI ya jana. Ndiyo maana nimeweka na saa ya pigo lenyewe: hata rangi ikidanganya, msomaji anaona "Alhamisi" kwa macho yake.

Na weka `timeout 40m` mbele ya `/opt/kazi/mauzo.sh`, baada ya kufuli. Iliyoning'inia itauawa, kufuli liachiwe.

Kicheko_Bure

Swali dogo. Ijumaa ulikuwa ofisini, namba haijasogea, ukanyamaza mpaka Jumatatu kwenye kikao? Mkuu, hayo macho…

Mpika_Namba

Kitone kilikuwa KIJANI! Ijumaa nilikiamini kile kitone kama ninavyoamini jua!

Bi_Takwimu

Mimi nina shida ya pili. Kazi yetu inamaliza salama, inapiga pigo kila saa, kisanduku kinasema HAI. Lakini chanzo kilikuwa kinaleta mistari 0 siku mbili. Moyo unadunda, damu hakuna.

Mlinzi_wa_Zamu

Hiyo pigo halitaikamata. Weka kisanduku cha pili cha oda mpya kuliko zote, yaani `max` ya saa ya oda yenyewe. Ila kizingiti chake ni kigumu: usiku oda zinaweza kukosekana kihalali.

Bi_Takwimu

Hapo ndipo ninapokwama. Nikikaza inalia kila usiku, nikilegeza haina maana.

Barua_Kwanza

Bado nasema kisanduku hakitoshi. Asipofungua mtu dashibodi wikiendi nzima, nani ataona wekundu? Lazima kitu cha nje kikupigie.

Mlinzi_wa_Zamu

Hilo nakubali, wewe unayeamshwa unahitaji cha nje. Lakini aliye kikaoni anayesoma 4,812 hapati simu zako. Anahitaji kuona kando ya namba ileile kwamba imeoza.

Jedwali_Tupu

Ikioza mimi naficha namba kabisa, naweka mstari mwekundu.

Bi_Takwimu

Usifiche! Namba ya Alhamisi yenye tarehe yake bado ina kazi. Bosi wangu angenifukuza.

Jedwali_Tupu

Na wangu angeisoma kwa sauti kama ya leo, tarehe hata asiitazame.

Saa_za_Wapi

Nyie mna raha. Wetu anaandika pigo kwa saa za hapa, bila ukanda, kwenye safu ya `timestamp` tupu, na databesi iko UTC. Sisi tuko mbele ya UTC, kwa hiyo pigo linatoka kesho, umri ni hasi, na hasi daima ni ndogo kuliko dakika 135!

Kicheko_Bure

Hahaha, kazi imekufa kabla haijazaliwa.

Jedwali_Tupu

`timestamptz`, mkuu, na saa iandikwe na ukanda wake. Mwambie.

Saa_za_Wapi

Nimemwambia. Kanijibu kwamba saa yake ya mkononi iko sawa.

Mpika_Namba

Jamani, turudi kwenye macho yangu kwanza…

Bi_Takwimu

Saa_za_Wapi, fungua uzi wako. Wa kwetu naye alibadilisha ukanda wa saa katikati ya mwezi na nina mengi.