Tupeane uzoefu: Bonasi ya kubaki kazini kwa awamu tatu, ukiondoka kabla ya ya mwisho unapoteza nini hasa?

Fundi Baridi
Habari za leo wakuu. Niko Mwanza, nahudumia mitambo ya kugandisha minofu kwenye kiwanda cha sangara. Mafundi wa amonia tukawa tunaondoka mmoja mmoja, mwajiri akatupa waliobaki barua ya bonasi: milioni 12 kwa kila mmoja, milioni 4 kila tarehe 31 Machi kwa miaka mitatu. Mbili zimeshaingia, bado moja. Sasa hivi ni Oktoba na kuna mahali wananitaka nianze Januari, mshahara utapanda kwa laki nne.

Wenzangu wote wanasema nitapoteza milioni 4 ya mwisho. Mimi barua nimeisoma mara kadhaa na naona kuna zaidi. Kifungu kimoja kinasema mfanyakazi awe kazini siku ya malipo na asiwe ametoa wala kupokea notisi. Kingine kinasema atakayeacha kazi kwa hiari ndani ya miezi 12 tangu kulipwa awamu atairudisha awamu hiyo yote. Mliopitia haya, ilikuwaje?

Mzee wa Igogo
Kijana wangu, usiogope. Mimi nilistaafu na kiinua mgongo changu kikalipwa chote. Michango yako iko NSSF, hakuna wa kuigusa hata ukiondoka leo.

Fundi Baridi
Shikamoo mzee. NSSF sina wasiwasi nayo. Hii ni hela nyingine, mwajiri anaitoa mwenyewe ili tusiondoke.

Dada Utumishi
Kaka Baridi, nimefanya kazi ya utumishi kwa muda mrefu na barua za namna hii nimeziandika. Hicho kifungu cha pili ndicho cha kukiangalia kwa makini.

Chukulia unaondoka mwisho wa Desemba. Awamu ya tatu hulipwi, hilo kila mtu analiona. Lakini awamu ya pili uliipata Machi mwaka huu, kwa hiyo miezi 12 haijaisha. Wataidai yote, milioni 4. Ya kwanza tu ndiyo imeshakuwa yako kabisa.

Halafu kuna kodi. Kama mshahara wako umevuka milioni moja, bonasi yote inaangukia asilimia 30 ya PAYE. Angalia slipu yako ya Machi: imeandikwa milioni 4, ila iliyoingia benki ni kama milioni 2.8. Milioni 1.2 ilikwenda TRA. Kama barua inasema urudishe awamu "yote", watakudai milioni 4, siyo 2.8. Utarudisha hela ambayo hukuwahi kuishika.

Msukuma wa Buswelu
Hapo dada unamtisha bure. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza mwajiri kukata mshahara wa mtu kiholela. Hawana pa kuikata hiyo hela. Aondoke tu.

Dada Utumishi
Kiholela ndiyo, inakataza. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu makato ya deni kama mfanyakazi amekubali kwa maandishi. Kaka Baridi, tazama mwisho wa barua, juu ya saini yako. Mara nyingi kuna sentensi inayosema unaridhia deni likatwe kwenye malipo yako ya mwisho.

Fundi Baridi
Ipo dada. "Naridhia kiasi chochote ninachodaiwa kikatwe kwenye stahiki zangu za mwisho." Nilisaini.

Msukuma wa Buswelu
Aisee. Basi likizo ambayo hajaichukua na mshahara wa mwezi wa mwisho wataanza navyo.

Mama Nyegezi
Mimi kisa changu ni tofauti kidogo. Nilikuwa kwa mkandarasi wa migodini upande wa Geita, nasimamia stoo. Barua yetu nayo ilikuwa na hayo maneno "wala kupokea notisi". Mwaka wa tatu, wiki mbili kabla ya siku ya malipo, wakatupunguza kazi. Kumbe kwa tafsiri yao hata notisi waliyotupa wao inatunyima awamu. Sikuacha kazi mimi, nimeachishwa!

Nilikwenda CMA, ile tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi. Kwa madai ya kuachishwa isivyo haki wanakupa siku 30 kufungua shauri, madai mengine siku 60, kwa hiyo usikae nyumbani ukisubiri simu yao. Kwenye usuluhishi tuliishia nusu ya awamu, nikaikubali kwa sababu ada za shule zilikuwa mlangoni. Mpaka leo naamini ningevumilia ningepata yote. Ndugu zangu ambao bado hamjasaini, dai sentensi moja iongezwe: ukipunguzwa kazi, ukiugua au ukifariki, awamu iliyobaki ilipwe.

Fundi Baridi
Pole sana mama. Dada Utumishi, je nikisubiri hadi Aprili?

Dada Utumishi
Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Watu wanadhani wanasubiri Machi ili wapate awamu ya tatu. Lakini kwa barua yako, ukiipokea hiyo ya tatu inaanza miezi 12 mingine. Ukiipokea kisha ukaondoka Mei, unapata 2.8 na unadaiwa 4. Bora usingeipokea kabisa, kwa sababu umetoboka milioni 1.2. Bonasi ya miaka mitatu imekufunga karibu minne.

Faida ya kusubiri kwako ni kuiokoa awamu ya *pili*. Notisi ya mtu wa mshahara wa mwezi ni siku 28 kisheria. Ukiitoa katikati ya Machi, tarehe 31 utakuwa kwenye notisi, ya tatu haiji, na siku yako ya mwisho inaangukia Aprili, miezi 12 ya awamu ya pili ikiwa imeisha. Unaondoka bila deni.

Gharama ya kusubiri: ile laki nne ya nyongeza, toa NSSF elfu 40, toa kodi asilimia 30 ya kinachobaki, mkononi ni kama 252,000 kwa mwezi. Miezi mitatu na nusu haifiki hata milioni moja. Deni unaloliepuka ni milioni 4.

Msukuma wa Buswelu
Dada hapo sikubaliani moja kwa moja. "Atakayeacha kazi ndani ya miezi 12", kuacha kunahesabiwa siku ya kutoa notisi au siku ya mwisho ya kazi? Wakisema ni siku ya notisi, katikati ya Machi bado yuko ndani.

Dada Utumishi
Swali zuri. Mimi naisoma kama siku ya mwisho ya kazi, ila nimewahi kuona mwajiri aking'ang'ania siku ya notisi. Barua isipofafanua kuna ubishi. Salama zaidi ni kutoa notisi baada ya 31 Machi, lakini hapo ya tatu itakuwa imeshaingia na deni lake.

Mama Nyegezi
Na huko kwingine wakikataa kusubiri? Waambie wakufidie. Ila wakikupa milioni 4 ya kukukaribisha, nayo inakatwa kodi. Ili ushike 4 mkononi inabidi watoe kama milioni 5.7.

Fundi Baridi
Nimewaandikia kuomba kuanza katikati ya Aprili, nasubiri jibu. Suala la tarehe naogopa kuuliza utumishi, wataanza kunihesabu kama mtu aliyeshaondoka.

Dada Utumishi
Usiulize peke yako. Mafundi wote mna barua moja. Andikeni pamoja mambo mawili: tarehe ipi inahesabiwa, na deni lipungue sehemu moja ya kumi na mbili kwa kila mwezi mtu anaofanya kazi. Hilo la pili wakilikubali, hata ukiondoka Desemba, kwa awamu ya pili unadaiwa miezi mitatu tu, milioni 1 badala ya 4. Mpate jibu kwa maandishi, la mdomo lisiwatoshe.

Fundi Baridi
Tuko saba. Wawili wanasema wao hawaendi popote, hawataki kusaini. Watano tutaandika wiki hii.