Kupanga sarafu kwa nguvu dhidi ya BTC: mbona dola imekaa juu ya orodha?

Kutoka: Hamisi, Kisauni
Kwa: Watanzania tuishio Mombasa

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Wengine humu mnajua kwamba nikitoka kazini huwa natafuta sarafu za kushika wiki moja hadi tatu, si za kuuza jioni ile ile. Nina orodha ya sarafu 40 zenye ujazo mzuri wa biashara. Kila moja naangalia imepanda au kushuka kiasi gani kwa siku 30, kisha nalinganisha na BTC na kuzipanga kuanzia yenye nguvu zaidi. Nia yangu ni kuchagua tano za juu ndipo nifungue chati zake.

Mwezi huu BTC imeshuka kama asilimia 12, na orodha imenitoka vituko. USDC iko karibu na kileleni. PAXG ipo juu. WBTC imekaa katikati kabisa, na sifuri yake. Sarafu ya kwanza kabisa ina asilimia 31 juu ya BTC, lakini chati yake hainipendezi hata kidogo. Je, njia yenyewe ndiyo mbovu, au naisoma vibaya?

Hamisi

---

Kutoka: Juma, Likoni

Hamisi, njia ni nzuri, orodha ndiyo chafu. Toa sarafu zote zilizofungwa kwa dola, toa ya dhahabu, toa WBTC kwa sababu hiyo ni BTC iliyovalishwa kanzu nyingine. Baada ya hapo chukua asilimia ya sarafu, toa asilimia ya BTC, panga. Mimi hufanya hivyo kwa kichwa tu nikiwa nasubiri feri. Sarafu imeshuka 5, BTC imeshuka 12, basi ina nguvu ya 7.

---

Kutoka: Rukia, Tudor

Kaka Hamisi, kaka Juma, salaam.

Juma yuko sahihi kuhusu WBTC na ndugu zake. Ziondolewe. Lakini kutoa asilimia kwa asilimia kunakubalika pale tu mwendo ni mdogo. Unachotaka kujua ni hiki: sarafu moja ingekununulia BTC kiasi gani siku 30 zilizopita, na leo inakununulia kiasi gani? Huko ni kugawanya. Mfano wa Juma ni 0.95 gawanya kwa 0.88, inakuja karibu asilimia 8, si 7. Tofauti hiyo ni ndogo. Sasa chukueni mwezi wenye mwendo mkubwa.

Oktoba 2023, kwa bei za kukadiria, BTC ilitoka 27,000 ikafika 34,600. SOL ilitoka 21.4 ikafika 38.5. ETH ilitoka 1,670 ikafika 1,815. Kwa kutoa, SOL inaonekana imeizidi BTC kwa 52. Kwa kugawanya ni 1.80 kwa 1.28, yaani asilimia 40. Nafasi za orodha hazibadiliki, maana siku ile ile kila sarafu inagawanywa kwa namba moja. Kinachoharibika ni pale unapolinganisha namba ya mwezi huu na ya mwezi uliopita, au unapojiwekea kiwango kama "nachukua zilizozidi 15 tu". Hapo kipimo chako kinavutika na kusinyaa kufuatana na BTC yenyewe.

Na mtazameni ETH. Aliyekuwa nayo mwezi ule alipata karibu asilimia 9 za dola na akafurahi. Dhidi ya BTC alikuwa amepoteza 15. Hilo ndilo orodha hii inalokuonyesha na bei ya dola inakuficha.

Sasa swali la Hamisi lenyewe. BTC ikishuka 12, dola inapanda dhidi yake: 1 gawanya kwa 0.88 ni asilimia 13.6. Hesabu haijakosea. Ndiyo maana sikubaliani na Juma kwamba dola itolewe. Toa USDC, toa nyingine zote za namna hiyo, lakini USDT ibakize moja, uipake rangi, usiihesabu kama sarafu ya kununua. Huo ndio mstari wako. Sarafu yoyote iliyo chini ya mstari huo imepoteza dola, hata kama imeishinda BTC. Iliyo juu ya mstari imepanda kwa dola wakati BTC inashuka, na hizo huwa chache sana. Ukiona mstari umepanda hadi nafasi ya tatu au ya nne, huna haja ya kuambiwa soko likoje. Ukiona umeshuka mpaka karibu na mwisho, karibu kila kitu kinapanda, na hapo kilichobaki ni kuchagua kinachopanda kuliko BTC.

PAXG nayo ningeitoa. Dhahabu ina mambo yake.

Hiyo ya kwanza yenye 31 nitairudia usiku, nina kazi ya bandarini ya kumalizia.

Rukia

---

Kutoka: Mama Neema, Mtwapa

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nimefuata mazungumzo haya kwa hamu kwa sababu yananihusu. Kila mwisho wa mwezi natuma pesa kwa mama Muheza. Nikipata shilingi tarehe 10, je, ninunue hiyo sarafu ya juu ya orodha, nikae nayo mpaka tarehe 30, halafu nimtumie? Maana kama ndiyo yenye nguvu kuliko zote, si itaongezeka?

---

Kutoka: Rukia, Tudor

Mama Neema, marahaba. Hapana, mama. Orodha inasema nani ameishinda BTC katika siku zilizopita. Haiahidi kwamba tarehe 30 itakuwa juu ya bei uliyonunulia. Sarafu inaweza kuwa ya pili kwenye orodha huku imeshuka asilimia 5 za dola, na bibi wa Muheza hanunui unga kwa BTC. Pesa yenye tarehe yake isiingie huku kabisa. Itume kwa M-Pesa kama kawaida, ada yake unaijua kabla ya kubonyeza.

Nikirudi kwa Hamisi. Sarafu yenye 31 iangalie imezipataje hizo 31. Kwenye jedwali lako weka bei za kufunga za sarafu safu ya B na za BTC safu ya C, siku mpya ikiwa juu, mstari wa 2. Safu ya D ni uwiano, safu ya E ni mabadiliko ya siku moja moja. Buruta D hadi mstari wa 32 na E hadi wa 31. Halafu linganisha namba mbili za mwisho hapa:

```
D2:  =B2/C2
E2:  =D2/D3-1
G2:  =D2/D32-1
H2:  =(D2/D32)/(1+MAX(E2:E31))-1
```

G ni nguvu ya siku 30. H ni nguvu hiyo hiyo ukiiondoa siku moja iliyo kubwa kuliko zote. Sarafu yenye nguvu ya kweli haianguki sana kutoka G kwenda H.

Jambo jingine: usichukue jozi ya BTC iliyoko sokoni kwa sarafu za bei ndogo. DOGEBTC inaandikwa kwa desimali nane. Ikiwa bei ni 0.00000200, hatua moja ndogo kabisa tayari ni nusu asilimia, na chati inatembea kwa ngazi. Tengeneza uwiano mwenyewe kutoka jozi mbili za USDT. Kwenye TradingView unaandika hivi:

```
BINANCE:SOLUSDT/BINANCE:BTCUSDT
```

Na bei zote ziwe za mshumaa uliofungwa wa siku. Unafungwa saa tisa usiku kwa saa zetu za hapa. Ukichanganya bei ya sarafu ya saa tisa na bei ya BTC ya asubuhi uliyoiona kwenye simu, siku BTC ikitembea asilimia 3 orodha nzima itasogea upande mmoja, na mstari wa dola utakaa mahali pasipo pake.

---

Kutoka: Hamisi, Kisauni

Dada Rukia, Mungu akulipe. Nimefanya usiku huu huu.

Ile ya kwanza G ni 31, H ni 3. Siku moja tu ilipanda asilimia 27 dhidi ya BTC, nadhani ndiyo siku ilipoorodheshwa kwenye soko jingine. Siku nyingine zote ni kama imelala. Ya nne kwenye orodha ina G ya 18, na siku yake kubwa ni 4 tu, kwa hiyo H ni karibu 13. Chati yake ndiyo ile niliyoipenda kwa macho kabla ya hesabu. Zote mbili ziko juu ya mstari wa dola, ambao umekaa nafasi ya saba.

Kwa hiyo nipange kwa H badala ya G?

---

Kutoka: Kassim, Bamburi

Habari zenu. Mimi sina tatizo na G wala H, tatizo langu ni hizo siku 30. Kwa nini 30?

Kumbukeni SOL. Soko la FTX lilipoanguka Novemba 2022, SOL ilitoka juu ya dola 30, na mwisho wa Desemba ilikuwa chini ya 10. Katikati ya Januari 2023 ilikuwa imepita 20. Kipimo cha siku 30 kiliiweka juu ya BTC. Kipimo cha siku 90 kiliiona bado dhaifu kuliko BTC. Ni sarafu ile ile, siku ile ile. Aliyenunua kwa kipimo cha 30 aliikuta Juni iko karibu 15, wakati BTC ilikuwa karibu 26,000 kutoka 21,000 za Januari. Mtaniambia mwisho wa mwaka ilifika 100. Sawa, lakini Hamisi amesema anashika wiki tatu, si mwaka.

Tena mwanzoni mwa Februari, siku za shimo la Desemba zilipotoka nje ya dirisha, nafasi ya SOL ilipaswa kushuka hata kama bei haijafanya lolote. Mtu anaona sarafu yake imetoka ya pili hadi ya kumi na tano, anauza kwa hofu, kumbe kilichobadilika ni siku ya kule nyuma.

Mimi hutaka iwe kwenye theluthi ya juu kwa siku 30 na pia kwa siku 90. Isipokidhi yote mawili, naiacha.

---

Kutoka: Juma, Likoni

Kassim, ukisubiri siku 90 zikubali, mwendo wenyewe umekwisha zamani. Wewe unanunua kilichochoka. Mimi nataka siku 14.

---

Kutoka: Rukia, Tudor

Kassim ana hoja kubwa kuhusu siku inayotoka nyuma. Hamisi, kabla hujauza kwa sababu nafasi imeshuka, tazama D32 ya jana na ya leo. Kama D2 haijasogea na D32 imeruka, sarafu haijadhoofika.

Juu ya 14, 30 au 90 sitawapatanisha. Siku 14 zinakuletea mapema na zinakuletea uongo mwingi, ada za kuingia na kutoka nazo zinakula. 90 zinachelewa, hasa baada ya anguko kubwa. Mimi natumia 30 na 60 na napanga kwa H, lakini nina rafiki makini anayepanga kwa G, kwa hoja kwamba siku moja kubwa ndiyo mara nyingi inayoanzisha safari, na H inamnyima hizo. Siwezi kusema amekosea.

Kitu kimoja ninachokishikilia: mkijaribu kipimo chochote kwa miaka ya nyuma, msitumie orodha ya sarafu zilizopo leo. LUNA ya kabla ya Mei 2022 lazima iwemo. Ilikuwa juu kwa nguvu dhidi ya BTC wiki chache kabla haijafa, na kila jaribio lisilo nayo litawaonyesha faida ambayo mtu aliyekuwepo hakuipata.

---

Kutoka: Hamisi, Kisauni

Nimeelewa. BTC bado iko chini ya wastani wake wa siku 50, kwa hiyo ile ya nne naiweka kwenye uangalizi tu, siinunui. Kila usiku baada ya mshumaa kufungwa nitaandika nafasi ya mstari wa dola. Kassim, nitumie jedwali lako la siku 90 nilinganishe na langu kwa sarafu zile zile 40.

---

Kutoka: Mama Neema, Mtwapa

Nimeshatuma Muheza kwa M-Pesa, mama amepokea. Hamisi, ukikaa na Kassim kulinganisha nami nije nione, nina shilingi kidogo ambazo hazina tarehe.