Turbiyoni kwenye mkono: usahihi ama urembo wa matajiri?

Kijana wa Kondele: Wakuu, turbiyoni ni nini kwa lugha rahisi, na je, kweli inafanya saa ya mkononi iwe sahihi zaidi, ama tunauziwa urembo?

Dada wa Milimani, Nakuru: Si ni ile dude inazunguka ndani mkono ukicheza, inajaza springi yenyewe? Ninayo. Nayo ni sahihi, kitu cha bei hiyo lazima kiwe sahihi.

Fundi wa Jubilee, Kisumu: Hapana dada, unachosema ni kibao kizito cha saa za kujijaza. Turbiyoni haijazi chochote, inakula nguvu.

Kijana, kila saa ya springi ina balansi, lile gurudumu dogo linalobembea huku na huku. Hilo ndilo linalopima muda. Balansi ikiwa na upande mmoja mzito hata kidogo sana, saa ikisimama wima ule uzito unavutwa chini na kuvuruga bembea. Ukigeuza saa, kosa nalo linageuka: mkao huu inakimbia, mkao ule inachelewa. Sasa Breguet, fundi wa Paris, alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1801 kwa wazo hili: chukua balansi, springi yake nyembamba na magurudumu yanayoachia nguvu, vitie vyote ndani ya kizimba kimoja, kisha kizimba chenyewe kizunguke, kwa kawaida mara moja kwa dakika. Upande mzito unapita juu, kando na chini, makosa yanafutana. Wakati huo saa zilikaa mfukoni mwa kizibao, wima kutwa.

Mwalimu Fizikia, Kakamega: Hapo umejibu swali bila kujua, fundi. Mfukoni saa ilisimama wima. Mkononi inageuzwa kila wakati, kwa hiyo mkono wenyewe ni turbiyoni ya bure. Mjadala umefungwa.

Bondeni 47: Mnapoteza bando tu. Saa ya betri ya mia tano pale stejini inaziangusha zote. Wenye pesa wanapenda kudanganywa, waacheni.

Fundi wa Jubilee, Kisumu: Bondeni, hakuna aliyeuliza betri. Kijiwe cha ndani ya saa ya betri hutetema mara 32,768 kwa sekunde, balansi inabisha mara 6 au 8. Ni kama kushindanisha bodaboda na treni ya SGR halafu ufurahie treni imeshinda.

Bondeni 47: Kwa hiyo umekubali nimeshinda.

Mwalimu Fizikia, Kakamega: Tena hata kati ya saa za springi kuna nyingi zisizo na turbiyoni zinazopita mtihani wa Uswisi wa sekunde 4 nyuma hadi 6 mbele kwa siku.

Shabiki wa Gia, Eldoret: Mwalimu, umefunga mjadala mapema. Kulikuwa na mashindano ya usahihi huko Uswisi, 2009 ama 2010 hivi, na turbiyoni zikachukua namba moja na mbili. Hiyo nayo ni urembo?

Fundi wa Jubilee, Kisumu: Ni 2009, Le Locle, na zote mbili ni za Jaeger-LeCoultre. Lakini saa hizo zilipimwa kwenye mikao iliyopangwa, si kwenye mkono wa mtu anayekula nyama choma. Pia zilirekebishwa na mafundi hodari mno. Huwezi kutenganisha sifa ya kizimba na sifa ya mikono iliyokitengeneza.

Mwalimu, na wewe uko nusu. Mkono haupitii mikao yote sawasawa. Tuchukue saa moja ya mfano. Kitufe cha kujazia kikitazama chini, inakimbia sekunde 12 kwa siku. Kikitazama juu, inachelewa 8. Mikao miwili ya kando, inakimbia 2 kila mmoja. Ikilazwa uso juu, inakimbia 6. Sasa mvalishe askari wa mlangoni, mkono wa kushoto. Mkono ukining'inia, kitufe kinatazama chini. Akisimama hivyo saa nane mfululizo, atapata sekunde 4 za mbele. Tia turbiyoni: mikao yote ya wima inakuwa wastani wake, yaani 2 mbele, na kwa zile saa nane anapata kama theluthi mbili za sekunde. Kwa hiyo inasaidia. Kidogo.

Shabiki wa Gia, Eldoret: Asante! Inasaidia. Mwalimu soma hapo.

Mwalimu Fizikia, Kakamega: Nimesoma "kidogo". Na ile 6 ya kulazwa, kizimba kimeifanya nini?

Fundi wa Jubilee, Kisumu: Hakijaigusa. Saa ikilala, upande mzito hauna juu wala chini, hivyo hakuna cha kufutwa. Tofauti ya kulala na kusimama hutoka zaidi kwenye msuguano wa ncha za balansi. Kumbuka pia kizimba kinasukumwa na kusimamishwa kila bisho. Nguvu hiyo inatolewa kwenye springi kuu ileile inayoendesha saa, bembea inapungua, na bembea ikipungua mno usahihi unaharibika upande mwingine.

Cha ajabu, askari wetu ana njia isiyogharimu kitu. Usiku aiweke saa kitufe kikitazama juu: saa nane hapo zinarudisha karibu sekunde 3 kati ya zile 4. Mwenye turbiyoni hana hila hiyo, maana kila wima kwake ni sawa. Na fundi anayejua kazi ataondoa chembe ya chuma upande mzito wa balansi, atibu ugonjwa wenyewe.

Dada wa Milimani, Nakuru: Mnaniacha. Yangu ina tundu usoni, ndani kitu kinacheza, na imeandikwa turbiyoni. Tangu Jumapili inakimbia dakika kumi kwa siku. Turbiyoni imeharibika?

Fundi wa Jubilee, Kisumu: Makosa ya mikao ni sekunde, dada, si dakika kumi. Inayokimbia hivyo ghafla mara nyingi imeshika sumaku, spika au kava la simu linatosha. Springi nyembamba mizunguko yake inanatana, inakuwa fupi, balansi inaharakisha. Isogeze karibu na dira: sindano ikicheza, ni sumaku, na kuitoa ni kazi ya dakika moja kwa fundi mwenye kifaa.

Kisha chungulia lile tundu dakika nzima. Balansi ikibembea huku daraja linaloishika limekaa palepale, hiyo ni saa ya kujijaza iliyotobolewa uso. Turbiyoni ya kweli, kitu kizima pamoja na daraja linaloshika balansi vinazunguka duara.

Dada wa Milimani, Nakuru: Daraja limekaa palepale. Lakini muuzaji aliniapia!

Bondeni 47: Ya mia tano haiapiwi.

Shabiki wa Gia, Eldoret: Usimcheke dada. Wachina wanatengeneza turbiyoni za kweli kwa bei ya chini kabisa ukilinganisha na Uswisi, kwa hiyo bei pekee haikuambii kitu.

Mwalimu Fizikia, Kakamega: Ya bei ya chini iliyotengenezwa vibaya itashindwa na saa ya kawaida iliyorekebishwa vizuri. Ndicho nilichosema tangu mwanzo.

Shabiki wa Gia, Eldoret: Mwanzo ulisema mkono ni turbiyoni ya bure. Tuko wengi tuliosoma.

Dada wa Milimani, Nakuru: Fundi, Jubilee unafungua saa ngapi kesho? Nitapanda matatu ya asubuhi.