Kikundi cha ukoo: midomo ya Zuhura

Mama Zuhura: Jamani, tumetoka kliniki ya moyo. Kile kimashine cha kidoleni kimesoma oksijeni 82. Himoglobini 20, wanasema damu imekuwa nzito. Daktari anasema lile tundu la moyoni la utotoni bado lipo, na ndilo linalomfanya awe na midomo ya buluu. Mimi nimechanganyikiwa, si alishapona?

Shangazi Mwanaidi: Pole mwanangu. Mbona mjukuu wangu naye alizaliwa na tundu likajifunga lenyewe? Huyo daktari ameangalia vizuri kweli?

Rehema: Shikamoo shangazi. La mjukuu wako lilikuwa dogo, na madogo mengi hujifunga. La Zuhura lilikuwa kubwa. Mama mdogo, hebu tukumbushe, uchangani alikuwaje?

Mama Zuhura: Akinyonya kichwa chote jasho, anaachia titi anahema. Hanenepi. Nimonia kila mara. Walisema apasuliwe, tukawa tunajikusanya. Halafu akabadilika mwenyewe, akanenepa, kifua kikatulia. Hata ile sauti ya moyo walisema imefifia. Tukashukuru Mungu, tukaacha kliniki.

Rehema: Hapo ndipo watu wengi hudanganyika, na si kosa lako. Chumba cha chini cha kushoto husukuma damu kwa presha ya kama 120, cha kulia kama 25 tu. Kukiwa na tundu kubwa katikati, damu inasukumwa kwenda kulia na kurudi mapafuni badala ya kwenda mwilini. Mapafu yanafurika, ndiyo ile kuhema. Sasa mishipa midogo ya mapafu haikuumbwa kubeba nguvu hiyo. Kuta zake zinanenepa, njia inakuwa finyu, mafuriko yanapungua, mtoto anaonekana kapona. Sauti nayo inafifia kwa sababu presha za pande mbili zimekaribiana, damu haipiti tena kwa kasi. Tundu liko palepale.

Mjomba Saidi: Na baadaye damu ikageuza njia?

Rehema: Ndiyo mjomba. Mishipa ikizidi kukakamaa, kulia kunashinda. Damu ambayo haijapita mapafuni inavukia kushoto na kwenda mwilini ikiwa haina oksijeni ya kutosha. Inachukua miaka. Eisenmenger, daktari aliyeieleza hali hii mwaka 1897, mgonjwa wake alikuwa mwanamume wa miaka 32.

Zuhura: Ndiyo maana nikipanda ngazi kucha zinakolea zaidi?

Rehema: Ndiyo hiyo. Ukijitahidi, mishipa ya miguu inapanuka lakini ya mapafu haipanuki, kwa hiyo damu inayovuka inaongezeka. Na ncha za vidole vyako zilivyovimba na kucha kubinuka, ni hayohayo ya miaka mingi.

Mjomba Saidi: Basi wazibe tundu haraka, wasisubiri tena. Na hiyo damu nzito ipunguzwe chupa moja, mimi niliwahi kuona mtu akifanyiwa.

Rehema: Kuziba utotoni ndiyo ilikuwa dawa. Sasa hivi tundu hilo ndilo mlango wa dharura wa upande wa kulia. Ukilifunga mapafu yakiwa yamekakamaa, chumba cha kulia kinabaki kusukuma dhidi ya ukuta mpaka kinachoka, na mtu anaweza kufa. Na damu imekuwa nzito kwa sababu mwili unaongeza chembe nyekundu kufidia oksijeni. Ukiitoa ovyo unamaliza madini ya chuma na kuongeza hatari ya kiharusi. Hutolewa kidogo tu kama kichwa kinauma sana na kuona kunafifia, tena baada ya kuhakikisha amekunywa maji ya kutosha.

Mjomba Saidi: Hilo la kuziba sikulijua. La damu bado nitamuuliza daktari mwenyewe.

Rehema: Muulize tu mjomba.

Zuhura: Nesi alipoweka dripu alikuwa anagongagonga mrija, anatoa kila kipovu. Nikaona kama anapoteza muda.

Rehema: Huyo nesi anajua kazi. Kwa wengine kipovu kidogo kinanaswa mapafuni. Kwako kinaweza kuvukia kushoto kikaenda ubongoni. Kila ukiwekewa dripu wakumbushe.

Mama Zuhura: Wamesema atapitishwa katheta, ule mrija mwembamba wa kwenda moyoni, wapime mapafu. Kuna matumaini?

Rehema: Watapima mishipa imekakamaa kiasi gani na kama inalegea ikipewa dawa. Kuna vidonge kama bosentani na sildenafili, wengi hutembea mbali zaidi wakivitumia, ila haviondoi ugonjwa. Majibu ya katheta ndiyo yataamua, mimi siwezi kubashiri kutoka hapa.

Shangazi Mwanaidi: Na harusi je? Tulishaanza kupanga.

Rehema: Harusi haina shida. Mimba ndiyo hatari kubwa sana kwake, na si kila dawa ya uzazi wa mpango inamfaa, kwa sababu zile zenye estrojeni hugandisha damu.

Zuhura: Dada Rehema, hilo njoo tuongee pembeni.