Wauza juisi wa Kisumu, hiyo barafu mnaitoa wapi?

Nyalenda_Juu

Hasira zangu leo si za tunda. Ukipita Kondele au nje ya soko la Jubilee, maembe yaliyo mbele ya kibanda huwa ya kuvutia kweli: yamefutwa, yamepangwa, yananukia. Mteja anayatazama, anaridhika, anatoa pesa. Chini ya meza hatazami. Na huko ndiko bonge la barafu limelazwa juu ya gunia, linagongwa kwa nyundo, vipande vinazolewa kwa mkono na kutumbukizwa kwenye ndoo ya juisi.

Barafu ya bonge namna hiyo ni ya wachuuzi wa samaki. Imegandishwa ili ilalie mbuta na ngege, haikukusudiwa kupita kooni mwa mtu. Halafu huyo huyo muuzaji anakuapia, "Maji yangu nimechemsha, kaka."

Haya, tumwamini. Chukueni ndoo ya lita 10. Ndani mna lita 3 za rojo ya embe, lita 5 za maji yaliyochemshwa na kilo 2 za barafu. Barafu ikishayeyuka ni lita 2 za maji ambayo hayajaona moto. Yaani katika glasi ya mililita 300, mililita 60 ni barafu ya samaki. Kuni za kuchemshia zimeteketea bure.

Na msiniambie "agiza bila barafu". Anachota kutoka ndoo ile ile, anazuia tu vipande kwa kijiko!

Mzee_wa_Milimani

Kijana, unapiga kelele bure. Baridi ya barafu inaua vijidudu, ndiyo maana nyama hukaa kwenye friza miezi. Cha kuangalia ni juisi yenyewe. Ukiona imejitenga, maji juu na uzito chini, hiyo ni ya jana. Usiinywe.

Kibos_Maji

Mzee wangu, kwa heshima, hapo umepata nusu. Friza huzuia vijidudu visizaliane, lakini vingi haiviui. Vya kipindupindu na homa ya matumbo vinaweza kulala ndani ya barafu, na ikiyeyuka vinaamka na safari inaendelea.

Kujitenga nako si ishara ya uzee. Pasheni na tikiti vikisagwa na kuchanganywa na maji vitajitenga baada ya muda mfupi hata kama tunda limekatwa sasa hivi. Ya jana utaijua kwa vingine: povu dogo dogo linalopanda bila mtu kukoroga, harufu ya pombe, na ladha inayochoma ulimi pembeni. Mimi huitilia shaka zaidi ile ya pasheni isiyojitenga kabisa kutwa nzima, yenye rangi moja kali na isiyo na hata chembe nyeusi ya mbegu. Hiyo mara nyingi ni unga wa rangi na sukari.

Tena matunda hayalingani. Ndimu na pasheni zina ukali unaovibana vijidudu kiasi, ingawa hausafishi maji machafu. Tikiti na miwa hazina ukali huo, na sukari ipo tele. Kwa hiyo barafu ile ile ikiingia kwenye juisi ya tikiti iliyokaa juani tangu asubuhi, hatari yake ni kubwa kuliko kwenye maji ya ndimu. Tikiti pia huchafuliwa na kisu: ganda limelala chini sokoni, halijasuguliwa, kisu kinapita kwenye ganda na kuingiza uchafu hadi kwenye nyama nyekundu. Mtazame muuzaji anapokata. Kama hakuliosha zima kabla ya kisu, kuosha vipande baadaye hakusaidii.

Boda_Kondele

Si mwende tu kwa afisa wa afya wa kaunti? Muuzaji akiwa na cheti cha afya mambo yamekwisha.

Nyalenda_Juu

Cheti ni cha mtu, omera. Kinasema amepimwa yeye. Bonge la barafu halijapimwa.

Mama_Sharubati_Manyatta

Mnatupiga mawe tu. Mimi nauza, na friza sina. Glasi ni shilingi 30, mteja akikuta juisi haina baridi anavuka barabara kwa jirani. Lakini uchafu mimi sitaki. Huwa nikishachanganya kila kitu kwenye ndoo, na barafu imeyeyuka, natia kifuniko cha dawa ya maji na kukoroga. Hiyo si inatosha?

Kibos_Maji

Haitoshi, mama, na sababu yake ni hii. Klorini ikikutana na rojo ya tunda na sukari inaishia kupambana na hizo. Inamalizika kabla haijavifikia vijidudu, na wewe unabaki na juisi yenye harufu ya dawa. Dawa hutiwa kwenye maji matupu. Kwa mtungi wa lita 20 wa maji maangavu, dawa nyingi za kifuniko hutaka kifuniko kimoja, lakini soma chupa yako maana nguvu hutofautiana. Funika, subiri dakika 30, ndipo uyachanganye na tunda.

Na ukishachanganya, ujue ulinzi umekwisha. Maji yalikuwa salama mpaka pale, lakini chochote kinachoingia baadaye, barafu au mkono, hakikuti tena dawa ya kukizuia.

Kwa hiyo usigombane na barafu ya samaki, itoe tu ndani ya juisi. Tafuta ndoo kubwa na ndogo. Juisi ikae kwenye ndogo yenye kifuniko, barafu iizunguke kwenye kubwa, na mdomo wa ndogo uwe juu kabisa ya maji yanayoyeyuka. Nyunyiza chumvi juu ya barafu, baridi itazidi. Uwe na upawa wa mpini mrefu wa kuchotea, wala usiulaze kwenye maji ya barafu.

Dada_Obunga

Sawa, na vikombe je? Ndoo moja ya kusuuzia tangu saa tatu asubuhi, maji yamekuwa meupe kama uji, glasi inachovywa mara moja na kupewa mwingine. Nanunua za vikombe vya kutupa tu. Hapo hakuna wasiwasi.

Nyalenda_Juu

Wasiwasi upo. Vingine huokotwa na kuoshwa. Kiinue ukitazame kwenye mwanga: kipya hakina mistari myeupe ya mikunjo wala mikwaruzo sehemu ya mdomo. Halafu angalia anavyokichomoa kwenye rundo. Wengi hutia vidole ndani, vidole vile vile vilivyotoka kushika noti.

Kibos_Maji

Mimi bado naona glasi inaweza kuwa bora, mradi kuwe na ndoo tatu: ya sabuni, ya kusuuza, na ya mwisho yenye jiki kidogo. Glasi isifike ya tatu ikiwa na mabaki ya juisi, maana yatamaliza dawa kama nilivyosema. Kisha iinamishwe ikauke yenyewe, isifutwe na kile kitambaa cha meza.

Dada_Obunga

Ndoo tatu kando ya barabara, na maji ya mkokoteni tunayonunua kwa mtungi? Nionyeshe hata mmoja anayefanya hivyo. Nabaki na vikombe vyangu.

Mzee_wa_Milimani

Hiyo barafu ya gunia mtu ataitambuaje akiwa ameshapewa glasi?

Nyalenda_Juu

Kunywa polepole, mzee, ufike chini. Nyuzi za gunia ni nzito zikilowa, huzama. Ukikuta uzi mwembamba wa kahawia umejikunja kwenye sehemu ya chini ya glasi, huo si wa embe. Uzi wa embe ni wa njano na ukiuvuta unakatika.

Mama_Sharubati_Manyatta

Kibos, chumvi ni ya mawe au hata hii ya jikoni? Na barafu ya shilingi 100 itafika saa ngapi kwenye jua la hapa?

Kibos_Maji

Yoyote. Lakini chumvi huiyeyusha haraka, kwa hiyo anza bila chumvi, uitie watu wakianza kuja saa sita. Zungushia ndoo kubwa blanketi kuukuu au lile gunia. Hapo ndipo kazi yake. Saa siwezi kukutajia bila kujua ukubwa wa bonge lako.

Mama_Sharubati_Manyatta

Kesho natafuta ndoo ndogo yenye kifuniko. Ila jirani yangu akiendelea kutumbukiza, juisi yake itakuwa na baridi kunishinda, na wateja wenu hawa hawa ndio watakaoenda kwake.